Abdul nani? Jina ambalo bado halijaisha

Baba mmoja aliyekimbia vita upande wa Kasongo alifika Likasi na mapasa wawili wa kiume. Alitafuta nyumba ya kupanga katika komini ya Kikula, akapata vyumba viwili, na juma la pili akawapeleka watoto masomoni. Sekretari alifungua daftari lake. Karatasi ya kuandikisha ilikuwa na nafasi tatu: jina, postinomu, prenomu.

“Huyu anaitwa nani?”

“Abdul-Karim.”

“Na huyu?”

“Abdul-Rahim.”

Sekretari hakufanya jambo la ajabu. Alifanya kile kila mtu wa ofisi anafanya katika inchi yetu: alisikia maneno mawili, akayatia katika nafasi mbili. Kwa jina aliandika ABDUL. Kwa postinomu akaandika KARIM kwa mmoja, RAHIM kwa mwingine. Prenomu aliacha wazi. Baba, ambaye yeye mwenyewe ni Ramazani, hakuangalia sana. Aliona herufi za wanawe ziko pale zote, akashukuru, akaenda.

Matatizo yalikuja mwezi uliofuata, wakati orodha ya familia za wahami ilipotengenezwa kwa kufuata daftari za masomo. Kwenye ile orodha kulikuwa tu na jina, tarehe ya kuzaliwa na mtaa. ABDUL, tarehe fulani, Kikula. Mustari wa chini yake: ABDUL, tarehe ileile, Kikula. Mwenye kuhakikisha orodha aliona mtoto mmoja ameandikwa mara mbili, akakata mustari mmoja. Siku ya kugawa, mapasa wawili walipata daftari, kalamu na mfuko wa mtoto mmoja.

Baba alirudi kulalamika, na jibu la kwanza alilopewa lilikuwa swali: “Lakini baba, kwa nini uliwapa watoto wote wawili jina moja?”

Hakuwapa jina moja, na ili kuona hivyo inabidi kuingia ndani ya jina lenyewe.

Katika Kiarabu, abd ni mtumwa au mtumishi. Ile “ul” inayofuata ina vipande viwili: “u” ni mwisho wa neno abd, na “l” ni kiungo al, kinachofungua neno linalokuja. Kwa hiyo Abdul, kwa maana kamili, ni “mtumishi wa yule…” Ndiyo, na vitone vitatu. Msemaji amefungua kinywa, hajamaliza. Ni kama mtu aseme kwa Kiswahili “mwana wa”, halafu anyamaze. Kila mtu anabaki anamwangalia: mwana wa nani?

Kinachomaliza jina ni sifa moja ya Mungu. Waislamu wana mafundisho ya Mtume Muhammad kwamba Mungu ana majina 99, na orodha inayojulikana zaidi imo katika mkusanyo wa hadithi wa Tirmidhi. Mzazi anachagua moja katika hayo, anatia “abd” mbele yake, na mtoto anakuwa mtumishi wa Mwenye sifa hiyo. Jina zima ni neno moja, hata kama mdomo unalivuta refu. Abdul-Karim ni mtumishi wa Mkarimu. Abdul-Rahim ni mtumishi wa Mwenye kurehemu. Kwa mwenye kuelewa, wale mapasa wana majina mawili mbalimbali kabisa, yanayofanana mwanzo tu, kama vile Mwanamkasi na Mwanaidi yanavyoanza na “mwana” na hakuna anayesema ni mtu mmoja.

Jambo moja linawashangaza watu wa Likasi wanaposikia majina haya kwa mara ya kwanza, hasa wale wasio Waislamu: tayari wanazijua sifa nyingi zilizo ndani yake. Wamezitumia tangu utoto, sokoni, kanisani na kwenye kilio. Kiswahili kilichukua mizizi ileile kutoka Kiarabu, kikaifanya maneno ya kila siku. Razak, katika Abdul-Razak, ni Mwenye kutoa riziki. Riziki na Razak ni mzizi mmoja. Hafidh, katika Abdul-Hafidh, ni mwenye kuhifadhi. Hakim ni ndugu wa hekima, na wa hakimu anayekaa mahakamani. Shakur ni wa shukrani, Sabur ni wa subira, Tawab ni wa toba, Salam ni wa salama. Kadir ni yule mwenye kudura. Na Rahim ni wa rehema, neno tunalolibeba hata kwa maiti tunaposema marehemu, yaani aliyerehemewa.

Mzazi anapochagua, mara nyingi anaangalia hali ya siku ile. Mtoto aliyezaliwa kwa shida anaweza kuitwa mtumishi wa Latif, Mpole anayefika mahali pasipoonekana. Aliyezaliwa katika njaa anaweza kuitwa wa Razak. Bibi wa hawa mapasa ndiye aliyewapa majina siku ya saba, siku ya kunyolewa nywele na akika, na sababu yake haikuwa ndefu: mama yao alipata watoto wawili wakati jirani alipoteza mmoja, kwa hiyo kwanza ukarimu, halafu rehema. Baba alikuwa amesahau maneno hayo. Aliyakumbuka mbele ya karatasi iliyokatwa mustari.

Rahim ana kaka yake, Rahman, na hapo wengi wanachanganya. Yote mawili yanatoka mzizi wa rehema. Walimu wengi wa dini wanafundisha kwamba Rahman ni rehema inayowafunika viumbe wote bila kuchagua, na Rahim ni rehema inayomfikia mwenye kuamini. Rahman lina cheo cha pekee: Kurani inasema watu wamwite Allah au wamwite Rahman, vyote sawa. Na katika mkusanyo wa Muslim kuna hadithi kwamba majina yanayopendwa zaidi na Mungu ni Abdallah na Abdurrahman. Ndiyo maana mawili haya yanajaa kila mahali Waislamu wanakaa, kuanzia Kindu mpaka Lamu.

Abdallah si jina la namna nyingine. Ni lilelile abd, ila baada yake hakuna sifa, kuna Allah mwenyewe. Kwa sababu Allah tayari lina “al” ndani, hakuna nafasi ya “ul” nyingine kusimama peke yake. Vinashikana, vinakuwa Abdallah au Abdulla. Watu wa Afrika ya Magharibi, ambao Likasi tunawajua kwenye maduka, wamelipitisha katika midomo yao na katika Kifaransa likawa Abdoulaye. Senegali ilipata marais wawili kwa kufuatana, Abdou Diouf tangu 1981 na Abdoulaye Wade tangu 2000, na yote mawili yanaanza na abd uleule. Huyo wa kwanza amebaki na mwanzo tu.

Sasa tuje kwenye maandishi, kwa sababu ndipo watu wanapotea. Kiarabu kina herufi 28, na 14 kati yake zinaitwa herufi za jua. Neno likianza na mojawapo ya hizo, ile “l” ya al haisikiki. Inamezwa na herufi inayofuata, na herufi hiyo inarudiwa. R ni mojawapo. Kwa hiyo anayesoma vizuri hasemi “Abdul-Rahman”, anasema “Abdurrahman”. Hasemi “Abdul-Razak”, anasema “Abdurrazak”. Z, S, SH, T, D, N na L nazo ni za jua. Lakini K ya Karim, H ya Hakim, M ya Majid, W ya Wahid, J ya Jabbar, A ya Aziz, hizo ni za mwezi, na “l” inasikika wazi: Abdulkarim, Abdulhakim, Abdulmajid, Abdulwahid, Abduljabbar, Abdulaziz.

Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Abdul Rahman kwenye karte ya uchaguzi, Abdulrahman kwenye diplome, Abdurahmani kinywani mwa mama yake, na Abdirahman kwa rafiki Msomali. Kila moja ina sababu yake. Ya kwanza imefuata herufi za Kiarabu jinsi zilivyoandikwa, ya tatu imefuata sauti, ya nne imefuata desturi ya Wasomali ya kutumia “i” mahali pa “u”. Watu wa pwani nao wana zao. Mshairi wa Mombasa aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 anajulikana kwa jina la Abdilatif Abdalla: mtumishi wa Mpole, na pembeni yake mtumishi wa Mungu. Mwandishi aliyezaliwa Zanzibar na kupata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021 anaandika Abdulrazak, na “l” ileile ambayo masikio hayaisikii. Hakuna aliyekosea kati yao. Kosa linakuja mtu mmoja anapokuwa na maandishi mawili katika karatasi zake mwenyewe.

Halafu kuna kukata jina, na hapa ndipo wazee wanakasirika. Jina refu linakatwa, hiyo ni desturi ya dunia nzima. Swali ni kukata wapi. Ukibakiza mwanzo, umebaki na “mtumishi wa yule…”, jina ambalo halijakamilika, lakini halimkosei mtu. Tanganyika iliwahi kuwa na Abdulwahid Sykes, mmoja wa viongozi wa chama cha TAA kabla hakijageuka TANU mwaka 1954, na watu wa Dar es Salaam walimwita tu Abdul Sykes. Hakuna aliyeona ajabu.

Ukibakiza mwisho, inategemea ni sifa gani. Kuna sifa ambazo hata mwanadamu anaweza kuwa nazo kwa kiasi chake: mtu anaweza kuwa karim, anaweza kuwa hakim, rahim, latif, aziz. Ndiyo maana tuna vijana wanaoitwa Karimu na Azizi peke yake, na ni majina mazuri. Lakini kuna sifa ambazo walimu wa dini wanasema ni za Mungu peke yake: Rahman, Razak, Khalik yaani Muumbaji, Kudus yaani Mtakatifu. Kumwita kijana “Rahman!” barabarani ili aje asaidie kubeba gunia la makala, kwa masikio ya mwalimu wa madrasa, ni kumwita binadamu kwa jina la Mola wake. Wakristo wa Likasi wanaweza kulielewa jambo hili bila kufungua kitabu. Mtu anayeitwa Dieudonné tunamkata kwa kusema Dido. Hakuna mtu hapa Likasi anayemwita kwa kifupi “Dieu”.

Na Wakristo wana majina ya namna hiyo ndani ya Biblia yao. Nabii Obadia, mwenye kitabu kifupi kuliko vyote vya Agano la Kale, jina lake ni Kiebrania na maana yake ni mtumishi wa Yawe. Ile “obad” na hii “abd” ni mzizi mmoja wa lugha mbili ndugu. Obadia na Abdallah wangekutana, wangeweza kuitana somo.

Kuna pia majina yanayoanza na abd bila kumalizika na sifa ya Mungu. Babu wa Mtume mwenyewe aliitwa Abdul-Muttalib, na Muttalib hakuwa mungu, alikuwa ndugu wa baba yake, aliyemleta Maka akiwa kijana. Watu walipomwona nyuma yake walidhani ni mtumwa wake. Kabla ya Uislamu, wengine waliitwa watumishi wa jua au wa masanamu, na Mtume aliwabadilishia wengi. Mpaka leo kuna mabishano juu ya Abdul-Rasul na Abdul-Hussein, majina yaliyo ya kawaida kwa Mashia wa Afrika ya Mashariki. Wao wanasema maana yake ni mtumishi tu, mwenye kumhudumia. Masuni wengi wanayakataa, wakisema utumwa huo ni kwa Mungu tu. Mzazi wa Kisuni anayetaka kumpa mtoto jina kwa kupenda sauti yake, afadhali aulize kwanza.

Turudi kwa yule baba. Mzee mmoja anayefundisha watoto kusoma Kurani pale mtaani alimwambia jambo rahisi. Inchi yetu inaandika mtu katika vipande vitatu. Tangu 1972, wakati Mobutu alipokataza majina ya Kikristo na kuleta postinomu, na prenomu zikarudi baadaye, kila fomu inategemea vipande hivyo. Fomu haina kosa, ila haijui Kiarabu. Kwa hiyo mwenye jina ndiye anayepaswa kulifunga kabla ya kulitoa. Mzee alichukua daftari ya mtoto, akaandika kwa herufi kubwa, bila nafasi wala kistari katikati: ABDULKARIM. Chini yake: ABDULRAHIM. “Neno moja,” alisema. “Likiwa na nafasi katikati, watalipasua. Hata kistari, mashine nyingine inakitupa.”

Halafu akamwambia atie kila kitu mahali pake. Jina la ukoo, Ramazani, katika nafasi ya jina. Jina la babu katika postinomu. Na lile la Kiislamu, zima, katika prenomu. Hivyo mapasa wanakuwa na jina moja la ukoo, ambayo ni kweli, na prenomu mbili mbalimbali, ambayo pia ni kweli.

Bahati ya familia hii, kama ni bahati, ni kwamba watoto hawakuwa bado na akti ya kuzaliwa. Walizaliwa wakati wa kukimbia. Sheria ya familia, jinsi ilivyobadilishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto kwenye ofisi ya etasivili. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia mahakama kwanza, hakimu atoe hukumu ya kuziba pengo, ndipo ofisi iandike akti. Ni safari na ni pesa. Lakini kwa jina ambalo bado halijaandikwa popote, ni nafasi ya kuliandika sawa.

Mwenye akti tayari, mlango wake ni mwembamba zaidi. Kifungu cha 64 cha sheria ileile ya mwaka 1987 kinakataza kubadili jina lote au sehemu yake, hata kubadili maandishi yake, hata kubadili mupango wa vipande vyake, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama ya amani ya mahali unapokaa, na kwa sababu ya haki. Maana yake: kutoka ABDUL na KARIM katika nafasi mbili kwenda ABDULKARIM katika nafasi moja, machoni pa sheria, ni kubadili jina. Sekretari wa masomo hawezi kulitengeneza kwa kalamu yake. Akilitengeneza, mtoto atakuwa na buleteni inayosema hivi na akti inayosema vile, na mwaka wa ekzeta, wakati hakuna tena muda, ndipo itaonekana.

Kwa hiyo mwenye mtoto wa jina hili aweke karatasi zote mezani siku moja: karatasi ya hospitali, akti, buleteni, kadi ya chanjo. Asome herufi moja moja. Kama akti ina kosa, afuate mahakama mapema. Kama akti iko sawa na nyingine zimekosea, atumie akti kuomba nyingine zirekebishwe. Na kama akti imeandika ABDUL RAHMAN kwa maneno mawili tangu mwanzo, na mtoto amekwisha kukua nayo, pengine ni afadhali kuiacha na kuhakikisha kila karatasi nyingine inaifuata. Maana ya jina haipotei kwa nafasi iliyo katikati. Kinachopotea ni mfuko wa daftari.

Baba alirudi masomoni na ile daftari ya mzee. Sekretari aliisoma, akacheka kidogo, si kwa ubaya. “Kumbe ni jina moja yote! Mulipashwa kuniambia, baba.” Kwa kuwa hakukuwa na akti, alikata mustari katika rejista yake na kuandika upya, akatia sahihi pembeni na tarehe. Kwa ile orodha nyingine ilichukua majuma mawili. Pasa wa pili alipata mfuko wake siku ya Alhamisi, daftari pungufu moja, lakini alipata.

Kwenye uwanja wa masomo, wenzao hawana habari na herufi za jua. Wakati wa mapumziko mtu anapiga kelele, “Abdul!” Wote wawili wanageuka.